Mtoto kwenye skripti: mpe kitu cha kutafuta na kitu cha kuficha

Skripti nyingi za vijana wetu hapa Uganda zinazopita mikononi mwangu zina mtoto ndani yake, na mtoto mwenyewe karibu kila mara ni yuleyule. Kafukuzwa shule, analia, anamwambia mama yake anataka kuwa daktari ili awatoe kwenye umaskini. Anayeandika anataka watu ukumbini wamhurumie waseme "bambi" ukurasa wa kwanza tu, na watasema, lakini baada ya hapo hawamwamini tena huyo mtoto, wanasubiri tu amalize kulia hadithi iendelee. Inaniuma sana hii kwa sababu watoto halisi wa Busia, wa Katwe, wa kambini Bombo, ni watu wakali, wana hesabu zao, wana siri zao, na hao ndo nataka kuwaona kwenye skrini.

Mwongozo huu unahusu sini ya aina moja tu, ile mtoto yuko kwenye shida na mtu mzima yuko mbele yake, maana hapo ndo machozi ya bure yanapoingia. Njia ninayoipendekeza ni fupi kuitaja ila kuifanya ina kazi: mpe mtoto kitu kimoja anachotafuta ndani ya sini hiyohiyo, na kitu kimoja anachokificha, alafu usimruhusu aseme anavyojisikia. Tutaifanya na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: umri kamili, darasa, na asubuhi yake

Usiandike "mtoto mdogo" wala "msichana wa miaka 8 hadi 10". Andika miaka 9. Hapa kwetu mtoto akianza P1 na miaka sita basi wa miaka tisa yuko P4, na hiyo peke yake inakupa vitu vingi, anajua kujumlisha na kutoa, anajua kusoma kibao, anajua saa ya uji, na anajua nani darasani amelipa na nani hajalipa maana majina yanasomwa mbele ya wote.

Mhusika wetu ni Zai, miaka 9, P4, anaishi Busia upande wa Uganda, mama yake anauza nguo za mitumba sokoni. Shule yake ni ya serikali, ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Ada kwenye hizo shule iliondolewa mwaka 1997 lakini kila mzazi anajua bado kuna pesa ya uji, pesa ya mtihani, pesa ya hiki na kile, kwa hiyo ukiandika mtoto wa UPE amefukuzwa "ada" mtazamaji wa hapa anakushtukia. Andika pesa ya mtihani, shilingi 5,000.

Sasa kaa chini uandike ukurasa mmoja, sio wa skripti, wa kwako tu: Zai asubuhi hii anajua nini na hajui nini. Anajua leo shilingi ya Kenya inabadilishwa kwa ngapi, maana mtoto wa mpakani anakua na pesa mbili mkononi. Anajua uji wanagawa saa nne na nusu na wa kwake umeshalipiwa. Hajui mama yake anadaiwa kodi ya kibanda. Hajui kwamba wao ni "maskini", maana hilo ni jina unalopewa na mtu anayekutazama kutoka nje, ye anachojua ni kwamba akina fulani wana televisheni na wao hawana. Huu ukurasa usiuruke, kila laini mbaya ya mtoto ninayokutana nayo ukiifuatilia unakuta mtoto anasema kitu ambacho umri wake haujakijua bado.

Hatua ya pili: nenda ukasikilize, na usikilize vitu vitatu tu

Saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, watoto wakitoka shule, kaa karibu na bomba la maji au pale wanapochezea kwepena au dulu. Usiwarekodi kwa simu watoto wa watu, sio vizuri na wazazi watakushangaa, chukua kadaftari uandike umbo la maneno na sio majina yao. Kama una wapwa nyumbani basi kazi imerahisika, waombe wazazi wao ruhusa ukae nao wakicheza.

Cha kwanza, sikiliza wanavyoomba. Mtoto haombi moja kwa moja akijua jibu ni hapana. Anaanza mbali, anasema "mama Brian amepika chapati leo", anakaa kimya, anakuangalia.

Cha pili, wanavyosimulia. Wa miaka mitano au sita anaanza katikati, "alafu akamsukuma, alafu ticha akaja, alafu mimi nikasema sio mimi", na hajakwambia nani alisukuma nani, maana anaamini na wewe ulikuwepo. Wa miaka tisa anapanga vizuri zaidi lakini anang'ang'ana na kitu kidogo, atakurekebisha kwamba haikuwa Jumatatu ilikuwa Jumanne, wakati we unataka kujua nani kavunjika mkono.

Cha tatu, na hiki ndo dhahabu, wanavyodanganya. Mwaka 1983 watafiti wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, waliwasimulia watoto hadithi ya kijana aliyeacha chokoleti kwenye kabati moja, alipotoka mama yake akaihamishia kabati lingine, wakawauliza kijana akirudi ataitafuta wapi. Wadogo wa miaka mitatu wakaonyesha pale ilipo sasa, hawakuweza kuona kwamba kijana hajui wanachojua wao. Kuanzia miaka minne na kuendelea wanaanza kupatia. Kwa mwandishi hii maana yake ni kubwa, mtoto wa miaka mitatu anakataa tu "sio mimi" na sukari iko mdomoni. Wa miaka mitano anaweza kuanza uongo lakini ukimuuliza swali la pili anajiuza mwenyewe. Wa miaka tisa anaweza kuushika uongo maswali mawili matatu, anajua we unajua nini, na anachagua majibu mafupi ili asikamatwe. Kwa hiyo umri wa mhusika utauona kwenye uongo wake kuliko kwenye sauti yake, na huhitaji kumwandikia matamshi ya kitoto, yale ya "kalamu" kuwa "kayamu", hayo yaache kabisa, yanachosha kusoma na mwigizaji mtoto atakuja na mdomo wake mwenyewe.

Hatua ya tatu: andika ile mbaya, uitoe kichwani

Ile sini ya bambi iko kichwani mwako tayari, utake usitake. Iandike uione:

NJE. SOKO LA BUSIA - MCHANA

Zai anakuja mbio akilia, sare imechanika. Mama anamkumbatia.

ZAI: Mama, mwalimu amenifukuza kwa sababu hatuna pesa. Mimi nataka kusoma, niwe daktari nikutoe kwenye umaskini huu.

MAMA (machozi yakimtoka): Mwanangu, Mungu hatatuacha.

ZAI: Usilie mama. Nakupenda hata kama hatuna kitu.

Sasa iangalie kwa utulivu. Ya udaktari ni sentensi ambayo mtoto anampa mgeni, yule anayekuja shuleni na gari la shirika na kamera, mama yake mzazi hajawahi kuisikia. "Kwa sababu hatuna pesa" ni taarifa ambayo mama anayo tayari, inasemwa kwa ajili yetu sisi watazamaji. Alafu mtoto ndo anambembeleza mama. Watoto wanafanya hivo kweli kwenye nyumba zenye shida ya muda mrefu, lakini wanafanya kwa vitendo, anaosha vyombo bila kuambiwa, anamnyamazisha mdogo wake, hawafanyi kwa hotuba. Na angalia soko lenyewe, ni mchana wa biashara na hakuna mteja hata mmoja, dunia nzima imesimama kusubiri hawa wawili walie.

Kikubwa zaidi, Zai hapa hana kosa lolote. Ni mtu safi kabisa aliyeonewa. Mtoto asiye na kosa hana cha kuficha, na asiye na cha kuficha anabaki na kazi moja tu, kuhurumiwa.

Hatua ya nne: mtafutie kosa dogo la umri wake

Hapa ndo tunaigeuza. Mama alimpa Zai 5,000 ya mtihani wiki iliyopita. Zai akala chapati za 1,000. Zimebaki 4,000, karani wa shule hapokei nusu, leo jina limesomwa na ametolewa darasani.

Vishawishi vitakuja, jihadhari navyo. Utataka kuandika kwamba zile chapati alimnunulia yatima mwenye njaa. Hapana. Alizila, zilikuwa za moto, alikuwa njiani. Au utataka pesa imeibiwa na kijana mbaya, nayo hapana, maana inamsafisha tena. Kosa liwe lake na liwe dogo kiasi cha umri wake.

Sasa tuna vitu vyetu viwili. Anachotafuta: 1,000, na kurudi shule kabla ya saa nne na nusu, maana uji wake umelipiwa na asipokuwepo ataunywa mwingine. Anachoficha: 4,000 iliyo mfukoni. Ule mzigo mkubwa, kwamba anaweza kukosa mtihani na kwamba mama hana pesa nyingine, hautajwi na mtu yeyote, mtazamaji ataubeba mwenyewe.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika, mpe mtu mzima kazi. Mama awe katikati ya kuuza, maana mtu mzima mwenye mikono mitupu ndo anayeanza kukumbatia na kutoa nasaha.

Hatua ya tano: andika upya

NJE. SOKO LA BUSIA, KIBANDA CHA MITUMBA - ASUBUHI

Saa nne kasoro. Mawingu. MAMA ZAI anamwonyesha MTEJA kigauni cha njano. ZAI (9), sare ya shule, hana sweta, amesimama nyuma ya mashati ya wanaume. Mkono mmoja uko ndani ya mfuko wa sketi na hautoki.

MTEJA: Sita.

MAMA ZAI: Saba. Angalia zipu, hata haijaguswa.

MTEJA: Niko na za Kenya. Mia mbili. Hiyo ni sita.

Mama anasita, ananyoosha mkono kupokea.

ZAI: Mia mbili ni tano na mia sita.

Wanageuka.

ZAI: Leo ni ishirini na nane. Wameandika pale.

MTEJA: Huyu ni wako?

MAMA ZAI: Ongeza ishirini.

Mteja anaongeza sarafu, anachukua kigauni, anaondoka. Mama anaweka pesa kiunoni, bado hajamwangalia Zai.

MAMA ZAI: Shule?

ZAI: Wametupa brek.

MAMA ZAI: Sweta iko wapi?

ZAI: Kuna joto.

Mama anatazama mawingu. Anaanza kukunja nguo zilizovurugwa.

ZAI: Ulikuwa unauza saba. Yule umemwachia sita.

MAMA ZAI: Nimeuliza sweta.

ZAI: Elfu nzima umempa. Na humjui.

MAMA ZAI: Pesa ya mtihani ulilipa?

ZAI: Mm.

MAMA ZAI: Risiti.

Zai anatoa mkono mfukoni. Noti mbili za elfu mbili, zimelowa jasho.

MAMA ZAI: Nilikupa tano.

ZAI: Uji wanagawa saa nne na nusu. Nikienda sasa ntaukuta.

Sini imeisha hapo, mbele kidogo ya jibu la mama. Hii ni karibu ukurasa mmoja na nusu kwenye fomati ya kawaida, na tunahesabu ukurasa mmoja dakika moja, kwa hiyo ni kama dakika moja na nusu ya filamu.

Nataka tukae kidogo kwenye laini mbili tatu. Ile ya "mia mbili ni tano na mia sita" inafanya kazi mbili, inatuonyesha mtoto ana akili bila mtu kusema ana akili, na inamfichua, maana mpaka hapo mama hajamwona. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuacha hesabu mbovu ipite hata kama kunyamaza ndo kungemsaidia, umri huo wanapenda sheria na usahihi kuliko usalama wao. Hesabu yenyewe ihakiki, 200 mara 28 ni 5,600, na ishirini ya kuongeza inafika 6,160, mama amepata sita yake na kidogo. Kiwango cha kubadilisha kinapanda na kushuka kwa hiyo siku ya kupiga picha uliza pale mpakani ni ngapi na ubadilishe namba zote pamoja, usibadilishe moja ukasahau nyingine.

"Elfu nzima umempa, na humjui" ndo laini inayobeba sini yote. Zai hasemi "nipe elfu moja". Hawezi, akisema itabidi aeleze kwa nini. Anachofanya ni kulalamikia haki, na haki ndo lugha ya miaka tisa. Mtazamaji hajui bado kwamba ye mwenyewe anatafuta elfu hiyohiyo, atajua sekunde chache baadaye noti zikitoka, na hapo ndo atarudi nyuma kichwani mwake aielewe ile hasira. Hicho kitendo cha mtazamaji kuelewa mwenyewe kina nguvu kuliko kilio chochote.

Na laini ya mwisho, ya uji. Amekamatwa, angeweza kuomba msamaha au kulia. Lakini mtoto akibanwa anakimbilia kitu cha karibu kinachoeleweka. Ndo maana hata kwenye msiba unaona mtoto analia dakika moja alafu anauliza mpira uko wapi, sio kwamba hana uchungu, uchungu wa mtoto unakuja vipande vipande, unaingia unatoka. Mwandishi anayeogopa hilo anamliza mtoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa msiba na hapo ndo anampoteza.

Sweta je? Haijajibiwa kwenye sini hii na iache hivo. Kwenye sini ya shule tutaona imewekwa kwenye benchi, ameiacha ishike nafasi yake mtu asikae. Kwa mtoto hiyo ni akili timamu kabisa.

Hatua ya sita: ipitishe kwenye umri mwingine

Hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote navyojua. Chukua sini yako uliyoimaliza, mbadilishe mtoto awe miaka 5, alafu awe 13, uone kama lazima uandike upya. Kama laini zinabaki zilezile basi hukuwa umeandika mtoto, uliandika mdomo tu.

Zai wa miaka mitano hasimami nyuma ya mashati. Anakuja moja kwa moja, anashika gauni la mama huku mteja anaongea, na anaanza katikati: "Ticha amesema Brian atoke na mimi nitoke na Amina asitoke." Nani Brian, kwa nini, mama ndo ajue. Noti hazifichi mfukoni, anazo mkononi, na akiulizwa zingine ziko wapi atasema zimepotea, akiulizwa zimepotea wapi atasema "kwa mama wa chapati".

Zai wa miaka 13 hata sokoni haji. Anazunguka nyuma ya maduka na rafiki yake mpaka saa ya kutoka shule, maana wenzake wakipita wakamwona pale kibandani kwa mama yake ataona aibu. Sini yote inahama, inakuwa ya usiku nyumbani, na uongo wake una mpangilio, ameshamwambia rafiki yake aseme nini akiulizwa. Sasa unaona, umri umekubadilishia mahali, saa, na nani yuko kwenye sini, sio maneno tu.

Hatua ya saba: lugha anazobadilisha

Mtoto wetu wa Uganda haongei lugha moja siku nzima. Kambini na mpakani Kiswahili ni cha nyumbani kwa wengi, uwanjani ni Kilusamia au Kiganda na Kiswahili vimechanganyika, darasani kuanzia P4 mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na kuna shule ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako. Kwenye skripti amua mapema: Zai na mama Kiswahili, Zai na Brian mchanganyiko, Zai na mwalimu Kiingereza kifupi cha kukariri. Usimpe Kiswahili cha kitabuni, "mama naomba unipatie fedha" hakuna mtoto wa Busia anayesema, lakini pia usimjazie maneno ya mtaani kila sentensi ili aonekane wa mtaani. Na heshima isisahaulike, Zai akimkatiza mteja amevunja adabu mbele ya mama yake, mtazamaji wa hapa anaona hilo bila kuambiwa, na ndo maana mteja anauliza "huyu ni wako?"

Hatua ya nane: fagia maelezo ya vitendo

Hata mazungumzo yakiwa safi, huruma ya bure inarudi kwa mlango wa nyuma, kwenye maelezo. Tafuta maneno haya kwenye skripti yako yote: kwa huzuni, kwa unyonge, machozi yanamlengalenga, anatabasamu licha ya kila kitu, macho yake makubwa, viatu vilivyotoboka. Futa yote alafu soma sini upya. Mara nyingi hakuna kilichopungua. Pale kilipopungua weka kitendo kinachoonekana, noti zilizolowa jasho zinasema mtoto amezishika muda mrefu, huhitaji kuandika ana wasiwasi. Muziki usiuandike kabisa. Na kuwa makini na laini za kupendeza, zile ambazo mtu mzima angezirudia kwenye sherehe watu wacheke "huyu mtoto jamani". Ikikujia laini ya hivo jiulize Zai anapata nini kwa kuisema. Kama hapati chochote, hiyo ni yako wewe, itoe.

Hatua ya tisa: isomeshe, kwanza kwa mtu mzima, alafu kwa mtoto

Mpe rafiki mzima asome sehemu ya Zai kwa sauti kavu kabisa, bila kuigiza. Sini nzuri inasimama hata ikisomwa hivo, kwa sababu mvutano uko kwenye nani anataka nini. Ile ya bambi ikisomwa kavu inaanguka hapohapo, utaisikia.

Kwa mtoto usimpe karatasi kwanza. Mbele ya mzazi wake mwambie hali tu: uko sokoni, una elfu nne, ulipewa tano, mama hajui, unataka elfu moja na unataka kuwahi uji. Alafu mtu mzima acheze mama amuulize. Andika anachosema. Wengine watakaa kimya, na ukimya huo andika pia, hata "mm" ya kwenye risiti ni kitu mtoto wa umri huo anatoa kweli badala ya "ndiyo nililipa", maana uongo mfupi ni mwepesi kuubeba. Laini zake ziwe fupi, pumzi moja moja, mtoto asiyezoea akipewa sentensi tatu mfululizo anaziimba kama shairi la siku ya wazazi.

Kuna dairekta wanamwambia mtoto mama yake amepata ajali ili alie mbele ya kamera. Usifanye hivo na usikubali kufanya kazi na anayefanya hivo, ni ukatili mtupu. Na ukiandika kwa njia hii hakuna haja, sini ya Zai haina chozi hata moja la kupigiwa picha.

Kwenye kusoma mtoto akibadilisha laini, angalia kwanza kama anachotafuta na anachoficha bado viko palepale. Akisema "si hizi hapa nne" badala ya kunyoosha mkono kimya, siri imetoka mapema na ile hasira ya elfu ya mteja imepoteza maana, mrudishe. Lakini akisema "uji wangu ataunywa Brian" badala ya "nikienda sasa ntaukuta", mwachie, chukua kalamu ubadilishe skripti, maana sasa uji una mtu anayeusubiri na ye ana sababu ya kukimbia.